Kaulimbiu sio mada, na sio kichwa cha habari

Wiki iliyopita nimeona tena bango la mkutano limeandikwa "Kaulimbiu:" halafu ikafuata sentensi ya maneno kumi na tisa yenye uwezeshaji, ujumuishi na uendelevu ndani yake. Nikamuuliza jamaa aliyekaa pembeni yangu mle ukumbini kaulimbiu inasemaje, akageuza shingo asisome, akanambia "si inahusu maendeleo". Basi hiyo haikuwa kaulimbiu, ilikuwa mada ya mkutano.

Kwa kifupi, kaulimbiu ni maneno machache yanayobeba ahadi au wito mmoja na mtu anaweza kuyarudia bila kusoma. Kichwa cha habari kinakwambia nini kimetokea, na habari ikipita nacho kimepita. Mada ni jambo linalozungumzwa. Watu wanavichanganya vitatu hivi kila siku.

Ila neno lenyewe limeshasema kila kitu. Kauli ni usemi, hilo tumelitoa kwenye Kiarabu. Mbiu ni pembe, ile pembe ya mnyama iliyokuwa inapulizwa ili watu waache walichokuwa wanafanya waje kusikiliza, ndo maana mpaka leo tunasema "kupiga mbiu". Hata hilo slogani wanalolipenda watu wa matangazo asili yake ni Kigaeli cha Uskoti, ukelele wa jeshi, kwa hiyo kule nako ni sauti ya kuita watu. Pembe haina nafasi ya maneno kumi na tisa. Halafu wazee wakamalizia: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kwangu mimi ukweli wa kaulimbiu uko hapo kwenye "ina jambo", ukipiga pembe watu wakaja wakakuta hakuna kitu, mara ya pili hawaji.

Angalia "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 Tanzania. Maneno matatu tu, lakini nyuma yake kulikuwa na vipindi vya redio na vikundi vya kujisomea vijijini na watu wakachimba vyoo kweli. Jambo lilikuwepo.

Sasa kwenye kazi. Kuna mteja mmoja anasaga na kufungasha unga wa dona, alikuja na "Unga bora kuliko wote kwa afya ya familia yako". Ukibadilisha unga ukaweka sabuni au maji ya chupa sentensi inabaki vilevile, ukiona hivyo jua haijasema kitu, na hilo "kuliko wote" hana wa kumthibitishia. Nikamuuliza wewe unafanya nini ambacho jirani hafanyi? Akafikiria akasema sisi tunagonga tarehe ya kusaga kwenye kila mfuko. Hapo ndo penyewe, kwa sababu dona inasagwa na kiini chake, kiini kina mafuta, ndo maana inawahi kuchacha na kuwa chungu kuliko sembe iliyokobolewa, na mama anayenunua analijua hilo kwa ulimi wake hata kama hajui sababu.

Jaribio la kwanza likawa "Dona freshi kila siku". Tamu, fupi, inakaa kichwani, lakini sio kweli, mfuko ukifika dukani unaweza kukaa wiki mbili na yeye hana mamlaka na rafu ya mwenye duka. Tukaliacha, ingawa aliling'ang'ania kidogo. Tulichoishia nacho ni "Soma tarehe, songa ugali". Hesabu mizani kama unavyohesabu shairi: so-ma-ta-re-he tano, so-nga-u-ga-li tano, na pande zote mbili zinaanza na "so", sikio linaishika lenyewe. Haimwambii mnunuzi kwamba unga ni mzuri, inamwambia akague mwenyewe. Mipaka yake ni kwamba siku atakayoacha kugonga tarehe maneno hayohayo yatamshtaki, na hilo nilimwambia kabla hajalipia mabango.

Kichwa cha habari cha tangazo hilohilo ni kitu kingine: "Kila mfuko wa dona yetu sasa una tarehe ya kusagwa". Kuna "sasa", yaani kuna kilichobadilika. Mwakani hiyo sio habari tena, itatolewa, kaulimbiu itabaki kwenye mfuko.

Kwa hiyo ndugu yangu wa lile bango, sentensi yako sio mbaya na wala huna haja ya kuifuta. Pale juu futa "Kaulimbiu" uandike "Mada". Na kama bado mnataka kaulimbiu, anzeni na swali nililomuuliza mwenye unga.