Bipola aina ya pili au bodalaini: kupambanua kliniki

Mgonjwa akisema "hisia zangu zinapanda na kushuka", bado hajataja ugonjwa wowote. Maneno hayo hutoka kwa mwenye ugonjwa wa hisia uitwao bipola aina ya pili, na hutoka vilevile kwa mwenye tatizo la haiba liitwalo bodalaini. Wote wawili huweza kuja na huzuni, hasira za ghafla, fedha zilizotumika ovyo na mawazo ya kujiua. Kupambanua ni kuuliza maswali yatakayoyatenganisha magonjwa haya, na swali zito kuliko yote ni la muda: hali ilidumu kwa kiasi gani, na kabla yake kulitokea nini?

Bipola aina ya pili huja kwa vipindi. Lazima mtu awe amepitia hipomania, yaani siku 4 mfululizo au zaidi za uchangamfu au hasira isiyo ya kawaida yake pamoja na nguvu zilizozidi, karibu kutwa nzima, kiasi kwamba hata jirani anaona huyu kabadilika. Lazima pia awe amepitia sonona ya wiki 2 au zaidi. Bodalaini ni mwenendo wa muda mrefu unaojitokeza tangu ujanani: hofu kubwa ya kuachwa, mahusiano ya leo malaika kesho adui, hisia ya utupu, kujikata. Hisia zake hugeuka ndani ya saa chache, na ni nadra zidumu zaidi ya siku chache. Mara nyingi chanzo ni jambo la mtu wa karibu, kama simu isiyopokelewa.

Tuseme binti wa miaka 24, fundi cherehani wa Isevya, mjini Tabora, amekuja kliniki ya wagonjwa wa nje akiwa na makovu ya wembe mkononi. Kwenye faili lake tayari pameandikwa "bipola". Mhudumu asiulize kama huwa anafurahi sana, kwa maana kila mtu atajibu ndiyo. Amwombe asimulie siku moja, saa baada ya saa. Binti anasimulia Jumamosi iliyopita: asubuhi alikuwa akiimba kwa sababu mchumba alimtumia ujumbe, mchana mchumba hakupokea simu, akapiga tena na tena huku akitetemeka kwa hasira, jioni akajikata, usiku mchumba akaja, naye akatulia. Yote hayo ni siku moja, na kila mgeuko una sababu yake.

Kisha linafuata swali la usingizi, ambalo mimi nalithamini kuliko orodha yoyote ya dalili: "Ulipokesha, kesho yake uliamka umechoka au ulikuwa na nguvu?" Binti anasema alikuwa hoi. Aliyekesha akiwaza ugomvi huchoka, ila mwenye hipomania hulala kwa muda wa saa 3 tu na kuamka kama aliyelala usiku kucha. Mpaka hapa mizani imeelemea bodalaini.

Lakini dada yake mkubwa yuko nje kwenye benchi, na kwa ruhusa ya binti anaitwa. Anaeleza kwamba kiangazi cha mwaka jana, bila ugomvi na yeyote, mdogo wake alishona hadi alfajiri kwa zaidi ya wiki nzima, akapokea oda za sare za harusi asizoziweza, akakopa vitenge na kuwakatiza wateja maneno. Baada ya hapo alikaa kitandani karibu mwezi. Binti mwenyewe hakuitaja wiki ile kwa kuwa hakuiona kama ugonjwa, na ndivyo ilivyo kwa wengi. Kama hakuwa ametumia mirungi au dawa za sonona siku zile, na kipimo cha tezi ya shingo ni sawa, basi ana yote mawili. Moja haliliondoi jingine.

Jibu hili linabadilisha matibabu. Akipewa dawa ya sonona peke yake, hipomania inaweza kurudi. Bipola huhitaji dawa kama lithiamu, kwetiapini au lamotrijini, na valproeti haifai kwa msichana wa umri wa kuzaa kwa sababu humdhuru mtoto tumboni. Kwa bodalaini, tiba yenyewe ni ya mazungumzo, na vidonge haviondoi kiini chake. Haiba isihukumiwe mgonjwa akiwa katikati ya sonona, maana wakati huo karibu kila mtu hujiona mtupu na aliyeachwa.

Siku hiyohiyo, kabla ya jina lolote la ugonjwa kuandikwa, aulizwe waziwazi kuhusu kujiua. Kisha apewe daftari la kujaza kila jioni kwa wiki 4: saa alizolala, hali ya moyo asubuhi na jioni, na kilichotokea kabla haijabadilika. Dada naye awe na lake, wayalete yote mawili siku ya kurudi.