Asilimia za fakture hazijumlishwi

Tena juzi mteja wangu hapa Lubumbashi aliniletea fakture ya hoteli akidai wamemwibia. Alichukua TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, 16%, akaongeza huduma 10%, akapata 26%, akaipigia bei ya vyumba. Hesabu yake haikulingana na yao, basi hoteli ni wezi. Nasikia hoja hii kila mara, nami nakataa: asilimia mbili zisizo na msingi mmoja hazijumlishwi.

Tushike fakture yenyewe. Usiku 2 kwa dola 100 ni 200. Huduma 10% ni 20. Kwa kuwa huduma hiyo ni ya lazima, ni sehemu ya bei, kwa hiyo HT, bei kabla ya TVA, ni 220. TVA ni 16% ya 220, yaani 35.20, na TTC, jumla pamoja na TVA, inafika 255.20. Yeye alipata 252. Tofauti ya dola 3.20 ndiyo TVA ya zile dola 20 za huduma, wala si wizi. Kama ungemwachia mhudumu dola 20 kwa hiari yako, hapo TVA isingeigusa.

Kosa la pili linanikera zaidi, maana hata wanaoshika vitabu vya duka wanalifanya: kutafuta TVA kwa kupiga 16% ya TTC. Ya 255.20 inatoa 40.83, kiasi ambacho hakimo popote kwenye fakture. Ukitaka kurudi nyuma, gawanya kwa 1.16, unapata 220, na kinachobaki ni TVA.

Halafu kuna taksi ya kulala, yaani kodi ya kila usiku hotelini, tuseme dola 2 kwa usiku, jumla 4. Hapa fakture zinatofautiana, na wahasibu wenyewe hubishana. Kanuni ni kwamba taksi nyingine zilizomo ndani ya bei huingia katika msingi wa TVA, isipokuwa TVA yenyewe. Lakini hela ambayo muuzaji anaipokea kwa niaba ya mwingine na kuitoa ilivyo, hukaa nje. Ikiwa nje, jumla ni 259.20, ikiwa ndani, 224 mara 1.16 ni 259.84. Senti 64 hizo zinakuonyesha njia waliyotumia hata kabla hujauliza. Mimi siiti hiyo kosa mpaka nione taksi hiyo inatozwa nani kisheria: mgeni au hoteli.

Kwa hiyo anzia juu: bei mara idadi, kisha huduma, kisha msingi wa TVA. Msingi usipoandikwa, gawanya kiasi cha TVA kwa 0.16. Hapa 35.20 inakurudisha kwenye 220. Ikileta 224, taksi imeingizwa ndani. Ikileta 200, huduma haikutozwa TVA, na jumla imepungua kwa faida yako. Mteja wangu hiyo hakuwahi kuilalamikia.