Bardo: anachosomewa mtu anapokata roho

Katika Ubudha wa Tibeti, mtu akikaribia kukata roho huketi mtu karibu na sikio lake akamsomea. Kitabu kinachojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Bardo Thodol. Mapokeo yanasema kilitungwa na Padmasambhava katika karne ya 8, kikafichwa, hadi Karma Lingpa alipokifukua katika karne ya 14. Waislamu wa pwani watakumbuka talakini, kwani huku pia marehemu huitwa kwa jina na kuelekezwa. Ila hapa haandaliwi kujibu maswali ya malaika kaburini. Anafundishwa kutambua anachokiona.

Bardo hiyo ni kipindi kati ya kufa na kuzaliwa upya, na huhesabiwa hadi siku 49. Wabudha wa Theravada hawaikubali. Kwao, uhai mpya hufuata papo hapo.

Pumzi inapokatika, maiti haijapoa bado, marehemu hutokewa na nuru safi isiyo na umbo. Msomaji humwambia kuwa hiyo ndiyo akili yake yenyewe. Akiitambua, safari imekwisha, hazaliwi tena. Wengi hawaitambui, hivyo usomaji unaendelea. Na kama mwili haupo, msomaji huketi kitandani pa marehemu na kumwita.

Kisha yanakuja maono. Chukua siku ya pili. Inatokea nuru nyeupe, kali mno, ya hekima inayoonyesha kila kitu kama kioo. Pembeni yake upo mwanga hafifu wa rangi ya moshi, nao ndio njia ya jehanamu. Mtu aliyezoea hasira huiogopa ile kali na kuvutwa na ule hafifu unaotuliza macho. Msomaji humsihi asikimbie: mwanga wa moshi umetokana na hasira yake mwenyewe. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa kitabu chote, maana hatari imewekwa kwenye kile kinachopendeza.

Akipitwa na hayo yote, huanza kutangatanga, na mara nyingi hajui kwamba amekufa. Hurudi nyumbani, akawasemesha ndugu, wasimjibu. Msomaji humpa vipimo: tazama majini, huoni sura yako, huna kivuli, ukitembea, huachi alama za nyayo.

Ndugu nao wanaweza kumharibia. Kilio chao humvuta nyuma, na kitabu kinawakataza kabisa kuchinja mnyama kwa ajili ya matanga. Marehemu anaiona damu hiyo, anaona pia mtawa anayeongoza ibada akisinzia au akikosea maneno, na watu wakigawana mali yake. Hapo hupandwa na hasira, na kwa kuwa sasa hana mwili wa kumzuia, hasira ya dakika moja inatosha kumtupa jehanamu. Kwa hiyo msomaji humwonya mapema: hata ukiona wanakukosea, wahurumie, na mali waachie.