Mwavuli mwekundu kwenye umati wa kijivu

Watu wengi wakitaka kubakiza rangi moja kwenye picha hufikiria zaidi namna ya kukata kile kitu chenye rangi. Mimi huanza na kijivu, kwa sababu mandhari yenye vurugu haitulii kwa kunyang'anywa rangi tu.

Chukua picha hii: mtaa umejaa watu, mvua imetoka kunyesha, na katikati kuna mtu ameshika mwavuli mwekundu. Nyuma yake kuna makoti ya mvua ya njano, bango la kijani, gari la buluu na taa za breki. Njia ya mkato kwenye Photoshop ni kufungua Hue/Saturation na kushusha Saturation hadi -100. Tatizo ni kwamba njia hiyo huchukua thamani kubwa na ndogo kabisa kati ya Red, Green na Blue katika kila pikseli na kuzigawa katikati. Njano kamili na buluu kamili, ambazo kwa macho zinapishana sana kwa mwangaza, zote zinatua kwenye kijivu kilekile cha 128. Koti linazama ndani ya gari, na umati wote unageuka tope.

Kwa hiyo natumia leya ya Black & White, ambayo kila kundi la rangi lina kitelezi chake. Nachagua mwavuli kwanza, naongeza leya hiyo, nayo inakuja na maski yenye umbo la mwavuli, kisha nabonyeza Ctrl+I ili maski igeuke: mwavuli uwe mweusi kwenye maski na ubaki na rangi yake, vingine vyote viwe vyeupe na vipoteze rangi. Halafu naangalia nini kinanivuta macho mbali na mwavuli. Hapa ni makoti, yamekuwa kijivu angavu mno. Yellows huanzia 60. Naishusha hadi kama 35 na makoti yanarudi nyuma. Taa za breki zinashawishi kushusha Reds pia, lakini ngozi za watu ziko kati ya nyekundu na njano, na nyuso zikishaguswa na kitelezi cha kwanza, cha pili kinazitia giza. Reds naiacha ilipo, taa nazipunguza kwa brashi. Usisukume kitelezi chochote mbali sana, hasa Blues: utaanza kuona chenga na madoa penye rangi ya buluu.

Sasa ukingo. Kuza picha hadi asilimia 200 uzunguke mwavuli taratibu. Pale ulipopakana na bango utakuta uzi mwembamba wa rangi chafu, kwa kuwa pikseli za mpakani zimechanganya nyekundu na kijani. Zamani ulikuwa umefichika katikati ya rangi nyingine. Kando ya kijivu unajianika. JPEG huuzidisha, maana mara nyingi huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwangaza, hivyo wekundu huvuja pikseli moja mbili nje ya mwavuli. Ukiwa na faili ya RAW, anzia hapo.

Kubana maski kunaondoa uzi huo lakini mara nyingi kunaacha mwavuli na mzingo wa kijivu, kama picha iliyokatwa gazetini. Mimi naweka leya tupu chini ya ile ya Black & White, naipa modi ya Color, nachukua wekundu wa ndani ya mwavuli na kupitisha brashi nyembamba mpakani. Mwangaza wa pikseli haubadiliki, rangi tu ndiyo inasahihishwa, na kinachomwagika nje kinapoteza rangi kwa sababu ya leya iliyo juu. Brashi iwe nyembamba kweli, kwani rangi iliyomwagika sasa inafuata Reds badala ya Greens na inaweza kuacha kivuli.

Linalosahauliwa zaidi ni wekundu ulioko nje ya mwavuli: ule unaoangukia shavu la aliyeushika, na taswira yake kwenye lami yenye maji. Ukiufuta wote, mwavuli unaonekana umebandikwa. Ukiuacha wote, shavu linakuwa kama lina upele. Napaka nyeusi kwenye maski kwa Opacity ya asilimia 40 hivi kwenye lami, kidogo zaidi ya nusu ya hapo shavuni. Hili ni suala la jicho, si kanuni.

Mwisho kabisa ndipo naugusa mwavuli wenyewe, na karibu kila mara ni kupunguza, si kuongeza. Ukizungukwa na kijivu, wekundu uleule unaonekana umekolea zaidi. Ukiukoleza tena, chaneli ya Red inagonga 255, mikunjo ya kitambaa inapotea na unabaki na bapa jekundu. Fungua Channels, tazama Red peke yake: kama mwavuli umekuwa mweupe mtupu bila mikunjo, shusha Saturation yake pole pole hadi uone mishono ya kitambaa.