Kiwango cha uzazi: maana yake, na sababu ya kushuka kwake mjini

Kiwango cha uzazi ni wastani wa watoto ambao mwanamke angewazaa maishani mwake lau angepitia kila umri kwa kasi ya uzazi inayoonekana mwaka huu. Kisichanganywe na idadi ya watoto wanaozaliwa kwa kila watu 1,000, kwani hiyo hupanda na kushuka kufuatana na wingi wa vijana. Nchini Kenya kiwango hiki kilikuwa takriban watoto 8 mwishoni mwa miaka ya 1970; utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikikuta 3.4, yaani 2.8 mijini na 3.9 mashambani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Bibi mmoja wa Mambrui aliolewa akiwa na miaka 16, akajifungua mara ya kwanza akiwa na 17, kisha akazaa kila baada ya miaka 3 mpaka alipofika 41. Watoto wake ni 9. Mjukuu wake amesoma hadi chuo, akaolewa akiwa na 24 na kujifungua akiwa na 25. Hata angezaa kwa mwendo ule ule wa bibi yake, angefika 40 akiwa na watoto 6. Basi dawati la shule limepunguza watoto 3 kwa kuchelewesha tu, bila mtu yeyote kumhubiria habari za uzazi wa mpango.

Lakini mjukuu huyu, anayepanga vyumba viwili Malindi mjini, anasema watatu wamemtosha. Pengo hilo la pili halielezwi na umri, bali na gharama. Kule shambani mtoto wa miaka 7 alifukuza ndege mpungani na kuchota maji, na usiku jamvi moja liliwatosha wanne. Mjini maji yananunuliwa kwa mtungi, kodi hudaiwa kila mwezi, na mtoto wa nne maana yake ni chumba kingine, sare nyingine na nauli nyingine ya tuktuk. Juu ya hayo kuna gharama isiyoandikwa daftarini: mama mwenye mshahara akikaa nyumbani kulea, mshahara huo haupo, na akirudi kazini humlipa yaya. Hapa ndipo elimu na gharama zinapokutana, kwa kuwa kadiri alivyosoma ndivyo mwaka mmoja wa kukaa nyumbani unavyomgharimu zaidi.

Uamuzi wa watatu, hata hivyo, hubaki maneno matupu pale ambapo sindano au vijiti vya kupanga uzazi havipatikani, au mume hataki.

Tena kiwango kikishuka, madarasa hayapungui wanafunzi mara moja. Bibi yule alizaa mabinti 5. Kila mmoja akizaa watatu tu, wajukuu kwa mabinti hao ni 15.