Misimbo ya pembemraba: jinsi simu nyingi zinavyotumia bendi moja kwa pamoja

Kugawana hewa kwa zamu ni rahisi kueleweka: wewe ongea, nami nisubiri. Kugawana kwa masafa pia: stesheni hii hapa, ile pale. Lakini simu za CDMA, pamoja na 3G iliyozifuata, hufanya jambo linaloonekana kama fujo. Wote wanaongea wakati mmoja, kwenye masafa yaleyale, na bado kila mmoja anasikika peke yake. Siri iko kwenye hesabu ya kuzidisha na kujumlisha, ambayo unaweza kuifanya kwa kalamu.

Tuchukue bit iwe +1 au −1. Badala ya kuitoa ilivyo, mtumaji huizidisha kwa msimbo wake, yaani mfuatano wa alama za +1 na −1 zinazopita haraka zaidi kuliko bit yenyewe. Kila alama ndogo huitwa chipu. Kwa kuwa chipu zinabadilika upesi, mawimbi yanatapakaa kwenye bendi pana kuliko ambayo bit peke yake ingehitaji. Huo ndio mtawanyo wa masafa kwa mfuatano wa moja kwa moja.

Zuhura na Kombo wako kwenye mnara mmoja. Kila mmoja ana msimbo wa chipu nne. Mnara unamtumia Zuhura bit ya +1, na Kombo bit ya −1. Kinachoruka hewani ni jumla ya yote mawili:

```
Msimbo wa Zuhura:    +1 +1 -1 -1
Msimbo wa Kombo:     +1 -1 +1 -1

Zuhura (bit +1):     +1 +1 -1 -1
Kombo  (bit -1):     -1 +1 -1 +1
Hewani:               0 +2 -2  0
```

Simu ya Zuhura inazidisha kilichofika kwa msimbo wake, chipu kwa chipu, kisha inajumlisha: 0 + 2 + 2 + 0 = 4. Gawa kwa nne, unapata +1. Ya Kombo nayo: 0 − 2 − 2 + 0 = −4, yaani −1. Sasa jaribu msimbo ambao hakuna aliyepewa, +1 −1 −1 +1. Jibu ni 0: hakuna aliyetumiwa kitu kwa msimbo huo.

Inawezekana kwa sababu ukizidisha msimbo wa Zuhura kwa wa Kombo na kujumlisha, unapata sifuri. Wanahisabati husema misimbo hiyo ina pembemraba, kama mistari miwili inayokutana kwa nyuzi 90: ukienda kwa mmoja, husogei hata kidogo kwenye mwingine. Ya chipu nne ipo minne tu. Mfumo wa IS-95, wa simu za CDMA za mwanzo, ulitumia misimbo ya Walsh ya chipu 64, kwa hiyo ilikuwa 64, na michache kati yake ilitengwa kwa kazi za mnara wenyewe, kama ishara ya kuongoza simu. Chipu zilipita 1,228,800 kwa sekunde, ndani ya bendi ya megahazi 1.25.

Sasa tuiharibu. Sifuri ile hupatikana tu kama chipu zinaanza pamoja. Tuseme mawimbi ya Kombo yamechelewa kwa chipu moja, na bit yake iliyotangulia ilikuwa +1. Ndani ya dirisha la Zuhura, Kombo sasa anaonekana kama −1 −1 +1 −1. Zidisha kwa msimbo wa Zuhura: −1 −1 −1 +1 = −2. Ile 4 yake imebaki 2. Bado bit inasomeka. Lakini kama Kombo anafika kwa nguvu mara tatu, −2 inakuwa −6, Zuhura anabaki na −2, na bit yake inasomwa kinyume.

Chipu moja ya IS-95 ina urefu wa mikrosekunde 0.81 hivi, na kwa muda huo mawimbi husafiri mita 244. Mnara ukituma, wote hutoka pamoja, hivyo mpango unashika, ingawa mwangwi kutoka majengoni huuvuruga kiasi. Simu zikituma ni tofauti: mmoja yuko mita 300 kutoka mnarani, mwingine kilomita tano, na mpangilio wa chipu umeshavunjika. Ndiyo maana kuelekea mnarani IS-95 haikutegemea pembemraba kuwatenganisha watumiaji. Ilitumia misimbo mirefu inayofanana na bahati nasibu, ambayo jumla yake haiwi sifuri bali huwa ndogo tu, na mnara uliamuru kila simu mara 800 kwa sekunde ipandishe au ishushe nguvu, ili wa karibu asimmeze wa mbali.

Hapo kila anayeongea ni kelele kidogo kwa wenzake. Msongamano ukizidi, simu ya pembezoni hupandisha nguvu hadi kikomo chake, kisha inashindwa. Eneo la mnara linasinyaa, na usiku watu wakilala, linatanuka tena.