Muuguzi alazimishwe kuchanjwa mafua kila mwaka? Yanayosemwa na yaliyo kweli

Hospitali ya Virginia Mason, Seattle, ndiyo iliyoanza Marekani, mwaka 2004, kutangaza kwamba mfanyakazi asiyechanjwa influenza hana kazi. Chama cha wauguzi kilikwenda kwenye usuluhishi kikashinda, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nacho mwaka 2007: sharti kama hilo haliwekwi bila kujadiliana na chama. Tangu hapo ubishi haujaisha, na kila upande una mambo unayoyasema kwa uhakika kuliko inavyostahili.

Dhana: Sindano yenyewe inaleta mafua.

Haileti. Virusi vilivyomo vimeuawa. Mkono utauma, pengine na kahoma ka siku moja. Anayeugua hasa wiki ileile mara nyingi alikuwa ameshaambukizwa, au ameambukizwa kabla kinga haijajengeka, kwani huchukua kama wiki mbili.

Dhana: Nikiumwa nitabaki nyumbani, kwa hiyo mgonjwa wangu yuko salama.

Hapa ndipo wanaotaka lazima wana hoja nzito. Mtu huanza kueneza virusi siku moja hivi kabla ya kujisikia vibaya. Tena wapo wasiojisikia vibaya kabisa. Huko Glasgow miaka ya 1990 walipima damu za wahudumu wa hospitali, wakakuta karibu robo waliambukizwa influenza msimu huo, na zaidi ya nusu ya hao hawakukumbuka kuugua influenza. Mgonjwa aliyepandikizwa figo hakumchagua muuguzi wake, na kwa dawa anazotumia, chanjo yake mwenyewe inaweza isimkinge vizuri. Kwa hoja hii, anayekubali kazi ya kumgusa mtu kama huyo amekubali pia wajibu wa kutomletea ugonjwa.

Dhana: Imeshathibitishwa kwamba kumchanja mhudumu kunaokoa wagonjwa.

Watetezi wengi huanza na utafiti wa Scotland uliochapishwa mwaka 2000. Katika hospitali za wazee ambako wafanyakazi walihamasishwa kuchanjwa, walikufa asilimia 13.6 ya wagonjwa; kwingineko, asilimia 22.4. Ukiishia hapo, utasema mjadala umekwisha. Lakini wagonjwa waliopimwa katika pande zote mbili hawakutofautiana sana kwa maambukizi ya influenza. Sasa vifo vilipunguzwa na nini, kama maambukizi hayakupungua?

Mwaka 2017 Gaston De Serres wa Quebec na wenzake walizipigia hesabu tafiti nne za namna hii. Walionyesha kwamba kuziamini zilivyo ni kuamini kuwa kuchanja wahudumu wanane tu kunazuia kifo kimoja. Hesabu hiyo ukiipeleka Marekani nzima, vifo vinavyozuiwa vinazidi vile ambavyo influenza husababisha. Wao walikadiria wahudumu 6,000 hadi 32,000 kwa kifo kimoja. Haina maana kwamba chanjo ni bure. Kwa aliyechanjwa, mwaka mzuri inapunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 40 hadi 60. Msimu wa 2014–15, virusi vilipobadilika, Marekani ilipata asilimia 19 tu. Lakini anayetaka kumfukuza mtu kazi kwa kukataa sindano ndiye mwenye mzigo wa ushahidi, na ushahidi huo ni mwembamba kuliko wa chanjo ya surua.

Dhana: Basi asiyetaka avae barakoa, kila mtu apate haki yake.

Inasikika kama muafaka. Hospitali ya Sault Area, Ontario, ilifanya hivyo: asiyechanjwa avae barakoa msimu mzima. Mwaka 2015 msuluhishi James Hayes aliifuta sera hiyo, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba barakoa kwa mtu asiye na dalili inamkinga mgonjwa, na sera ilikuwa njia ya kuwasukuma watu wachanjwe. Uamuzi kama huo ulitolewa Toronto mwaka 2018. Na fikiria msimu ule wa asilimia 19: aliyechanjwa anapita wodini uso wazi, naye kinga yake ni kidogo, huku mwenzake akivaa barakoa ambayo kila mgonjwa anajua maana yake. Hiyo kwangu ni alama ya kumtambulisha mkaidi.

Dhana: Anayepinga sharti anapinga chanjo.

Chama cha wauguzi cha Ontario kilichopigania kesi hizo kinawahimiza wanachama wake wachanjwe. Mimi ningekubali lazima kwenye wodi za waliopandikizwa viungo na za saratani, ambako anayekataa anaweza kuhamishiwa kwingine bila kupoteza mshahara. Kwingine, mwajiri kwanza apeleke sindano wodini, hata kwa zamu ya usiku, na alipe siku za ugonjwa. Katika nyumba za wazee Marekani, ambako Waswahili wenzetu wengi wanafanya kazi za malezi, mtu asiyelipwa akikosa zamu ataingia na homa yake, awe amechanjwa au hajachanjwa.